Jina Lililobaki kwenye Fomu

Fundi mmoja wa Kaloleni alijiunga na Sacco mwaka 2009, kabla hajaoa. Fomu iliuliza nani apewe akiba yake akifariki. Akaandika jina la kaka yake, akapiga sahihi, akasahau. Tuseme leo ana mke, watoto watatu na akiba ya Sh480,000. Siku akifariki, mke atafika ofisini na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na barua ya chifu. Karani atafungua faili na kukuta jina la shemeji wa mke huyo.

Mfano huu tumeutunga, lakini si wa ajabu. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika kinakiruhusu chama kumlipa mtu ambaye mwanachama alimteua kwa maandishi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akiba ya Sacco ya polisi, kwamba fedha zenye mteuliwa haziingii katika mali inayogawanywa kwa mirathi. Kwa hiyo hata wasia ulioandikwa vizuri mwaka jana unaweza kushindwa na fomu ya miaka kumi na tano iliyopita. Mjane anaweza kwenda kortini, ila anaanza akiwa nyuma.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kuoa kunabadilisha fomu. Hakubadilishi chochote, fomu hubadilishwa na fomu nyingine, yenye tarehe na sahihi, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukimteua mtoto, andika pia mtu mzima atakayempokelea, kwa kuwa aliye chini ya miaka 18 hatakabidhiwa fedha.

Kuna jambo la pili ambalo familia hugundua baada ya matanga. Yule fundi aliwahi kumdhamini jirani mkopo wa Sh100,000. Mkopo wake mwenyewe huenda ukalipwa na bima, kama Sacco yake inayo, lakini dhamana ile hushikilia sehemu ya akiba mpaka jirani alete mdhamini mwingine au amalize deni. Mjane asiyejua ataona Sh100,000 haimo kwenye malipo, na lawama itamwangukia shemeji. Ugomvi mwingi tunaouita wa tamaa huanza hivi, kwa pesa ambazo hakuna aliyeziiba.

Hisa zina njia yake. Wengi walinunua za Safaricom mwaka 2008, kwa Sh5 kila moja, kima cha chini hisa 2,000. Kumwambia wakala jina la jamaa wa karibu hakumpi huyo jamaa hisa. Zikiwa kwenye akaunti ya CDS yenye jina la marehemu peke yake, lazima familia ipitie kortini: orodha ya warithi wote, tangazo kwenye Gazeti Rasmi lenye siku 30 za pingamizi, kisha hati ya usimamizi, ambayo kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita. Hapa wasia ndio unaosaidia, hasa kwa kutaja msimamizi, maana nyumba nyingi hukwama kwenye swali la nani apeleke kesi. Wasia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili, na mrithi asiwe mmoja wao, la sivyo anaweza kupoteza alichoachiwa. (Kwa Mwislamu hesabu ni nyingine: wasia hauvuki theluthi, na mrithi halali haandikiwi humo.)

Lakini korti haiwezi kugawa akaunti isiyojulikana. Gawio lisilodaiwa kwa miaka hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na familia itakayolifuata huko itatakiwa hati zile zile. Karatasi moja inatosha: jina la Sacco na nambari ya uanachama, nambari ya CDS na wakala, chama cha mtaa na mweka hazina wake, bima, mafao ya kazini, uliowadhamini na kiasi gani, na tarehe uliyojaza kila fomu ya uteuzi. Nambari za siri usiandike. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa mtu asiyerithi kitu.

Najua, kwetu kando ya ziwa kuzungumza kifo kabla ya kifo huonekana kama kukiita, na mwenye nyumba mbili ana sababu zaidi ya kunyamaza. Huyo ndiye tungemsukuma kwanza. Barua ya chifu inatakiwa kutaja nyumba zote mbili, upende usipende, na wake zako wasikutane mara ya kwanza kwenye benchi la ofisi yake.

Wiki hii ingia kwenye Sacco yako na kitambulisho. Mwombe karani atoe faili, usome jina lililoandikwa humo kwa macho yako.