Mshale wa kijani ulinidanganya

Leo naomba niungame kosa, maana huenda kuna mwenzangu anayelirudia kila Jumatatu asubuhi.

Mbali na kuandika programu, huwa naandaa ripoti ya wiki kwa meneja wa biashara moja ya vifaa vya simu hapa Nairobi. Wana duka Moi Avenue, katikati ya jiji, na lingine Westlands. Dashibodi yao ya mauzo inapendeza, lakini akaunti yangu hairuhusiwi kutoa data yenyewe, kwa hivyo napiga picha za skrini na kuziandikia maelezo. Meneja anataka ukurasa mmoja tu: mielekeo mitatu na hatari moja. Huusoma kwa simu akiwa amekwama kwenye jam ya Waiyaki Way.

Jumatatu, 21 Julai 2025, nilipiga picha kama kawaida. Kando ya Moi Avenue palikuwa na mshale wa kijani: +16%. Nikaandika, "Mauzo ya mjini yanapanda." Meneja akaagiza mzigo zaidi wa chaja na spika. Wiki chache baadaye maboksi yalikuwa yamejaa stoo hadi kwenye ngazi, akaniita.

"Kijana, hao wateja uliosema wanaongezeka wako wapi?"

"Nipe hadi jioni, mkubwa."

Jibu lilikuwa kwenye kalenda. Jumatatu, 7 Julai 2025, ilikuwa Saba Saba. Polisi walifunga barabara za kuingia mjini na maduka mengi hayakufunguliwa, letu likiwamo. Duka hufunguliwa siku sita kwa wiki, ila wiki hiyo lilifunguliwa tano. Dashibodi haijui hayo. Inachukua jumla ya wiki hii na kuilinganisha na ya wiki iliyopita, basi.

Hebu tazama hesabu. Namba nimezibadilisha ili kulinda siri ya biashara, lakini umbo lake ni lile lile. Wiki ya kwanza ya Julai duka liliuza shilingi 1,200,000 kwa siku sita. Wiki ya Saba Saba, 950,000 kwa siku tano. Wiki iliyofuata, 1,104,000 kwa siku sita. Kutoka 950,000 hadi 1,104,000 ni ongezeko la 16%, na mshale haukusema uongo. Sasa gawanya kila jumla kwa siku ambazo duka lilikuwa wazi:

```
=B2/C2
```

Unapata 200,000, kisha 190,000, kisha 184,000. Duka lilikuwa linashuka wiki zote tatu, na mimi nikaripoti kwamba linapanda!

Msomaji makini atauliza: je, wiki ya kwanza si ile ya baada ya mishahara, ambapo watu wana pesa? Swali zuri. Ndiyo maana nilirudi pia kwenye wiki ya katikati ya Juni, iliyo mbali na mshahara kama ile ya mwisho. Ilikuwa 198,000 kwa siku. Basi kushuka kulikuwa kwa kweli.

Ripoti niliyopaswa kuandika ni hii. Mwelekeo wa kwanza: mauzo ya Moi Avenue kwa siku yanashuka. Wa pili: ya Westlands yanapanda, kutoka 150,000 hadi 165,000 kwa siku. Wa tatu, ambao kwangu ndio mzito zaidi: risiti za Moi Avenue hazijapungua, bado ni kama 200 kwa siku, ila wastani wa kila risiti umetoka shilingi 1,000 hadi 920. Wateja wanaingia, lakini wananunua vya bei ya chini. Hatari: tukiagiza mzigo wa mjini wiki hii, pesa zitalala kwenye spika.

Ona kwamba hatari inatoka kwenye mielekeo yenyewe, na inataja uamuzi ambao meneja anaweza kuuzuia kabla haujapita. Zamani niliandika hatari kama "ushindani unaongezeka". Hiyo ni kweli kila wiki, kwa hiyo haimsaidii mtu.

Chuo kikuu tulifundishwa kupanga data na kuchora grafu. Hakuna aliyetuambia kwamba picha ya skrini hubeba jibu na kuacha kigawanyo nyuma. Siku hizi kila picha yangu lazima ionyeshe tarehe za mwanzo na mwisho pamoja na duka lililochaguliwa, na chini yake naandika kwa mkono siku ambazo duka lilikuwa wazi. Namba hiyo haimo kwenye dashibodi. Nampigia simu msimamizi wa duka kila Jumatatu, ananiambia kwa nusu dakika.

Kwa maoni yangu, asiyepiga simu hiyo asiandike neno "mwelekeo".