Mteja akikuomba umuongezee mwezi wa kulipa, piga hesabu kwanza

Leo naomba tuongelee mali kauli, maana naona wengi wetu tunaitoa kama salamu.

Ukiwa na karoti au kabichi kutoka Nyandira kule Mgeta na unasambazia mahoteli, mama lishe na shule za bweni hapa Morogoro mjini, ombi hili halikwepeki: "Bwana mdogo, wewe tupe miezi miwili ya kulipa badala ya mmoja, na sisi tutaongeza mzigo." Wengi wanakubali palepale. Wanaona kilo zimeongezeka, basi na hela imeongezeka. Maoni yangu ni kwamba kwa kijana anayeendesha biashara kwa hela ya kikoba, mara nyingi ombi hilo ni la kukataa, hata kama daftari linaonyesha faida. Nitaeleza kwa mfano. Namba nimeziweka mwenyewe ili hesabu ieleweke. Wewe weka za kwako.

Tuseme kwa mwezi unapeleka kilo 2,000 za karoti kwa shilingi 1,000 kila kilo, na wateja wanakulipa baada ya mwezi mmoja. Gharama yako yote, yaani kulima, kuosha, magunia, wabebaji na nauli ya kushusha mzigo, ni shilingi 750 kwa kilo, na hiyo unailipa siku ya kupeleka. Katika kila shilingi mia moja unazowadai, moja hairudi kabisa. Ukiwapa miezi miwili, mauzo yatapanda hadi kilo 2,600, lakini deni lisilolipika nalo litapanda hadi asilimia 4, kwa sababu deni likikaa sana ndivyo linavyozidi kusahaulika, na kwa sababu wanaovutiwa na muda mrefu wengi ni wale wenye mfuko mwembamba.

Hesabu ya kawaida inasema hivi. Sasa hivi unapokea 1,980,000, ukitoa gharama ya 1,500,000 unabaki na 480,000. Kwa mpango mpya utapokea 2,496,000, ukitoa gharama ya 1,950,000 unabaki na 546,000. Faida imeongezeka kwa 66,000. Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari.

Tatizo ni kwamba tumetoa gharama ya leo kwenye hela ya miezi miwili ijayo kana kwamba ni hela moja. Siyo moja. Kama kikoba chako kinatoza riba ya asilimia 4 kwa mwezi, ukikopa 1,000 leo, mwezi ujao utarudisha 1,040. Kwa hiyo 1,040 ya mwezi ujao thamani yake leo ni 1,000 tu. Ili kuirudisha hela ya mbele kwenye thamani ya leo, unaigawa kwa 1.04 kwa kila mwezi unaosubiri. Mwezi mmoja unagawa mara moja, miezi miwili unagawa mara mbili. Simu yako ya mkononi inatosha kwa kazi hiyo.

Turudi kwenye karoti. Zile 1,980,000 za baada ya mwezi, gawa kwa 1.04, unapata kama 1,904,000. Toa gharama ya 1,500,000, faida kwa thamani ya leo ni kama 404,000. Sasa mpango mpya: 2,496,000 gawa kwa 1.04, halafu gawa tena kwa 1.04, unapata kama 2,308,000. Toa 1,950,000, unabaki na kama 358,000. Yaani umeongeza kilo 600 za jasho, ukaongeza na safari, halafu kila mwezi faida yako halisi imepungua kwa shilingi 46,000 hivi.

Imepotelea wapi? Watu wengi watalaumu wateja wapya wasiolipa, na hapo wanakosea. Chukulia wateja wa zamani wanaendelea kulipa vilevile, wanapoteza asilimia 1 tu. Basi deni baya lililobaki lote, shilingi 84,000, ni la zile kilo 600 mpya. Hiyo ni asilimia 14 ya mauzo yao, wateja wabovu kweli kweli. Lakini ukipiga hesabu ya kilo hizo 600 peke yake, watakulipa 516,000 baada ya miezi miwili, ambayo leo ni kama 477,000, na gharama yake ni 450,000. Bado zinakuachia 27,000! Hasara inatoka kwa wateja wako wazuri wa zamani. Walikuwa wanakulipa baada ya mwezi, sasa wanakaa na hela yako mwezi wa pili bila kununua hata kilo moja ya ziada. Kuwasubiri wao kunakugharimu kama 73,000 kila mwezi.

Kwa nadharia basi, muda mrefu ungewapa wapya tu. Nawatakia kila la heri wanaojaribu. Morogoro mjini watu wanakutana Soko Kuu la Chifu Kingalu kila asubuhi, na habari kwamba fulani anapewa miezi miwili itafika kabla hujarudi Nyandira. Labda kama mteja mpya ni wa aina nyingine kabisa, mfano shule inayolipa ada zikiingia, unaweza kumtetea kwa wengine. Nje ya hapo, hesabu kana kwamba wote watautaka.

Siyo kwamba jibu ni hapana siku zote. Kwenye mfano huu, deni baya likibaki asilimia 2, mipango miwili inakaribia kulingana. Likiwa chini ya hapo, kubali. Bei ya hela yako nayo inabadili jibu. Kijana mwenye akiba yake, ambaye hela hiyo ingekaa tu mahali ikimpa asilimia 1 kwa mwezi, mpango uleule wenye deni baya la asilimia 4 unamwongezea kama 36,000. Ila awe mkweli: kama hela hiyo ndiyo ingenunua mbolea na mbegu za msimu, basi bei yake siyo asilimia 1. Na aangalie pia kama anayo ya kutosha, maana kabla malipo ya kwanza hayajarudi atakuwa ameweka njiani gharama ya miezi miwili, 3,900,000, badala ya 1,500,000.

Ile asilimia ya deni baya usiikisie kichwani. Fungua daftari, panga madeni kwa umri, angalia yaliyopita siku 60 yamelipwa mangapi. Mteja anayelipa nusu ya deni la zamani ili achukue mzigo mkubwa zaidi, mhesabu kwenye wale wa hatari hata kama ni mcheshi.

Akikubana sana, mgeuzie ombi: mpe punguzo akilipa taslimu. Kilo ya 1,000 inayolipwa baada ya mwezi, ukitoa deni baya na kuigawa kwa 1.04, leo ni kama shilingi 952. Kwa hiyo ukimuuzia kwa 970 taslimu, yeye ameokoa 30 na wewe umepata 18 zaidi ya ulivyozoea. Ile ya miezi miwili leo ni kama 888 tu. Mwenye hoteli anayekataa 970 ya taslimu na kung'ang'ania miezi miwili, muulize kwa upole anadaiwa na nani mwingine.