Video ya Kunawa Mikono Ianze na Dumu, Si Bomba

Sisi mafrateri tunaona video za afya zikisema "nawa kwa maji tiririka" huku bomba likimwaga maji. Katika vijiji vingi vya Dodoma maji hubebwa kwa ndoo. Basi familia hunawa katika beseni moja, na wa mwisho hupokea uchafu wa wote waliomtangulia.

Tungependa video iseme hivi: "Chukua dumu la lita 5. Litoboe tundu dogo kwa msumari wa moto. Litundike karibu na choo, ufunge kamba yenye kijiti. Kanyaga kijiti, dumu liiname. Lowesha mikono, paka sabuni, sugua sekunde 20, suuza."

Hicho ndicho kibuyu chirizi. Bibi kijijini ataelewa, na maji yake machache yatatosha.