Maoni: Kadi ya zamani imefungwa, je, feza zilizorudishwa ziko wapi?

«Kadi hii imekufa, mama. Feza haziwezi kuingia humo. Rudi kwa wale waliokuuzia, wakutumie kwa njia nyingine.»

Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa binti wa jirani yangu mbele ya gishe ya benki yake, hapa Lubumbashi, mwezi wa pili. Yeye anapiga video za harusi, na kila mwaka analipa abonema ya programu moja ya kukata na kuunganisha picha, dola 180. Alipowaandikia wenye programu, walimujibu kwa upole: feza zako tumekwisha kuzirudisha kwenye kadi inayoishia na 4417. Kadi hiyo 4417 ndiyo ile benki inasema imekufa. Kila upande unamusukuma kwa mwingine, na dola 180 hazionekani.

Nimeona kisa kama hiki mara nyingi, na naandika kwa sababu jibu la gishe halikuwa la kweli. Feza hazikupotea hewani. Zilikuwa ndani ya benki ileile iliyomufukuza.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi siku wanapopewa kadi. Ile plastiki haina feza ndani yake. Ni funguo tu. Duka la mtandaoni likirudisha feza, halitumi kwa plastiki wala kwa jina lako. Linatumia alama ya malipo ya kwanza, yaani namba ya kadi iliyolipa siku ile. Benki ya duka inapeleka agizo kwa Visa au Mastercard, na hao wanaangalia tarakimu sita au nane za kwanza za namba ile. Tarakimu hizo zinasema benki gani ilitoa kadi. Basi agizo linafika kwa benki hiyo, kadi iwe hai au imefungwa, maana benki yenyewe haijafungwa. Kufunga kadi kunazuia mutu asinunue nayo. Feza zinazorudi ni jambo lingine, na mara nyingi zinaingia pamoja na mahesabu ambayo mabenki yanafanyiana kila siku.

Kutoka hapo, swali si tena «kadi iko hai?» Swali ni: nyuma ya kadi kulikuwa na nini?

Kama nyuma yake kulikuwa na konti ya kawaida, na konti hiyo ingali wazi, mambo ni mepesi. Kadi ya zamani na kadi mpya ni funguo mbili za nyumba moja. Benki inaona namba ya zamani, inajua ni ya konti gani, inaweka feza humo. Zitaonekana kwenye relve ya konti, hata kama ukitazama kadi mpya huoni kitu. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu walio na konti kwenye mabenki yaliyofunga milango mwaka 2025 walikuwa wananiuliza hilo: kadi imepita tarehe, ajansi imefungwa, feza zitarudi wapi? Konti haikai ndani ya jengo la ajansi. Feza zinaingia kwenye konti kama kawaida. Kazi ngumu ni kuzitoa, na hilo ni shida nyingine kubwa zaidi ya maandishi haya.

Kama konti yenyewe ilifungwa, benki ina njia mbili. Inaweza kuziweka kwenye konti yake ya kungojea, mpaka mwenyewe aje na kitambulisho. Au inazikataa na kuzirudisha kwa benki ya duka. Zikirudi huko, duka linaona kwenye mahesabu yake kwamba marudisho hayakufaulu, na hapo tu ndipo lina haki ya kukuuliza njia nyingine. Safari hiyo ya kwenda na kurudi inaweza kula wiki kadhaa. Mutu akiwaandikia siku ya tano, mwenye duka atasema kwa moyo safi kwamba amelipa, kwa sababu kwake bado inaonekana imelipwa.

Sasa kadi ya binti wa jirani haikuwa ya aina hizo mbili. Ilikuwa kadi ya kulipia mbele, ile unayoijaza feza kwenye gishe au kwa simu na kutumia mpaka iishe. Kwetu Congo watu wengi wanaonunua vitu mtandaoni wanazo hizo, maana hazidai mushahara wala konti ya kudumu. Na hapo ndipo penye mutego. Kwa kadi nyingine za aina hii, salio limefungwa kwa namba ya kadi yenyewe. Ukipewa kadi mpya, mutu wa benki anachukua salio la siku hiyo kwenye namba ya zamani na kulihamisha kwa namba mpya. Anahamisha mara moja tu. Feza zikifika siku inayofuata kwa namba ya zamani, hakuna anayezifuata.

Tazama tarehe zake. Abonema ilianza mwaka uliopita kwa kadi 4417. Tarehe 3 mwezi wa pili ikajirudia yenyewe, dola 180 zikatoka. Tarehe 5 mashine ya kutolea feza ikameza kadi. Tarehe 7 benki ikamupa kadi mpya inayoishia na 9082, na kuhamisha dola 12 zilizobaki. Tarehe 8 akafuta abonema. Masharti yao yalimuruhusu kufuta ndani ya siku 14. Tarehe 10 wakakubali na kutuma feza. Siku ambayo dola 180 zinafika benki, kadi 4417 ilikuwa imekwisha kufungwa na salio lake limekwisha kuhama. Zikakaa pale, kwenye namba isiyo na mutu wa kuifungua.

Kuna kitu kingine kilichomuchanganya, na kinachanganya wengi. Yeye alidhani abonema «inamujua» yeye, kwa hiyo feza zingekwenda kwa kadi mpya aliyokuwa ameiandika tayari kwenye konti yake ya programu. Hapana. Kila malipo yanasimama peke yake. Malipo ya mwezi wa pili yalitoka 4417, basi yanarudi 4417. Kama angelipishwa tena mwezi wa tatu kwa 9082, hayo yangerudi 9082. Na kuna maduka yanayopewa namba mpya ya kadi moja kwa moja, kupitia mupango wa Visa na Mastercard na benki yako, bila wewe kuandika kitu. Ndiyo maana mutu anashangaa abonema inaendelea kula feza kwenye kadi mpya wakati alidhani kubadilisha kadi kumeikata. Mupango huo ni wa kuchukua malipo yajayo. Usiutegemee kwamba utahamisha marudisho ya malipo ya zamani.

Alitaka kuwaandikia watume kwa kadi 9082, au kwa namba yake ya simu. Walikataa, na mimi nasema walifanya vizuri, ingawa ilimuumiza. Kanuni za kadi zinataka feza zirudi pale zilipotoka kadiri inavyowezekana. La sivyo, muizi angenunua kwa kadi ya wengine na kuomba arudishiwe kwenye yake. Tena, kama wangemutumia mara ya pili wakati za kwanza zimelala benki, wangekuwa wamelipa mara mbili. Na nakuomba: mutu akikupigia simu akisema anataka kukurudishia feza za abonema, na anadai namba yote ya kadi mpya pamoja na tarakimu tatu za nyuma, kata simu. Marudisho hayahitaji tarakimu hizo tatu.

Kilichomusaidia ni namba moja ndefu. Kila marudisho yaliyopita kweli kwenye njia ya kadi yana namba ya kufuatia, tarakimu 23, na kwenye skrini wanaiita ARN. Duka linaweza kuiomba kwa benki yake au kuisoma kwenye mahesabu yake. Aliandika barua fupi: nipeni ARN ya marudisho ya tarehe 10, kiasi na feza za aina gani. Siku mbili baadaye akaipata. Kama duka linasema limelipa lakini wiki mbili zinapita bila namba hiyo, hapo ndipo pa kutia mashaka. Isipokuwa kama malipo yenyewe yalifutwa kabla hayajakamilika: hapo hakuna feza zinazorudi wala ARN, yale makato ya kwanza yanatoweka tu kwenye relve. Basi angalia kwanza kama makato yangali pale.

Alirudi kwenye gishe na karatasi moja: ARN, kiasi, tarehe, tarakimu nne za kadi ya zamani na nne za mpya, kitambulisho, na ile karatasi ya tarehe 7 inayoonyesha kwamba kadi moja imechukua nafasi ya nyingine. Hakuuliza tena «feza zimefika?» Aliomba ombi lake lipelekwe kwa huduma ya kadi kule Kinshasa, watafute kwa namba ya zamani, na akadai muhuri wa kupokea kwenye nakala yake. Ilichukua wiki tatu. Walizikuta kwenye 4417, dola 180 zote, na kuzihamisha kwa 9082.

Simulaumu sana kijana wa gishe. Kompyuta yake inamuonyesha kadi iliyofungwa, na hajafundishwa kutafuta zaidi. Ninalaumu benki inayouza kadi za kulipia mbele kwa maelfu na haina utaratibu wa kutazama namba zilizofungwa, hata mara moja kwa mwezi, ili kuona nini kimeingia baada ya salio kuhamishwa. Namba ya simu ya mwenye kadi wanayo. Kila wiki wanamutumia ujumbe wa matangazo. Wangeweza kumutumia mmoja wa kusema: kuna dola 180 zako huku.

Na kwa sababu hawafanyi hivyo bado, unayengojea marudisho usifunge konti wala usirudishe kadi ya zamani kabla hayajafika. Kama kadi imekwisha kupotea, mwambie mutu wa gishe siku ileile anapokupa mpya: kuna feza zinakuja kwa namba ya zamani, iandike kwenye faili yangu. Na usingoje miezi. Ikiwa ARN haipatikani kabisa, benki yako ndiyo inayoweza kupinga malipo yale kwa niaba yako, na kanuni za kadi kwa kawaida zinaipa siku 120. Binti wa jirani alipoonyeshwa relve yenye dola 180, alikuwa tayari katika siku ya 61.