Mibofyo Elfu Sita na Simu Isiyolia

Umezuka mtindo wa mawakala wa matangazo kuingia katika ofisi za umma wakiwa na karatasi zenye rangi za kupendeza, na juu ya karatasi hizo tarakimu moja kubwa. Tarakimu hiyo ni idadi ya mibofyo, yaani mara ambazo tangazo liliguswa katika simu au kompyuta. Mkuu wa idara huitazama, hufurahi, hutia saini, na mhasibu hulipa. Hakuna anayeuliza ni nani aliyebofya. Yafaa swali hilo liulizwe, kwa kuwa wengi wa hao wanaohesabiwa si watu kabisa. Ni programu za kompyuta, roboti zisizo na macho wala mfuko, zilizotengenezwa ili zibofye na mwenye tangazo alipe.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa halmashauri moja ya pwani ya kaskazini, baina ya Mkinga na Pangani. Halmashauri hiyo yataka wageni wa Idi na wa mwisho wa mwaka waje kuona fukwe zake na magofu ya kale. Inatenga shilingi 3,000,000 kwa tangazo la mwezi mmoja, kwa bei ya shilingi 500 kila mbofyo, na tangazo linaelekezwa kwa watu wa Tanzania na Kenya. Wakala analisambaza katika tovuti na programu za simu asizozijua, bila kuweka kikomo cha matumizi ya kila siku. Mwezi unapokwisha analeta taarifa yake: mibofyo 6,000. Fedha zote zimetumika, na kazi, asema, imefanikiwa.

Lakini taarifa hiyo hiyo ikifunguliwa siku kwa siku inasema mengine. Kwa siku 27 tangazo lilipata mibofyo 40 hivi kila siku, jumla 1,080. Katika siku tatu tu, tarehe 12 hadi 14, ilikuja mibofyo 4,920, na mingi ilikuja kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri. Siku ya nne idadi ikarejea 40 kana kwamba hapakuwa na lolote. Siku hizo tatu zilimeza shilingi 2,460,000.

Kupanda ghafla peke yake si ushahidi wa wizi, na wanaopiga kelele ya roboti kila wakiona mstari umepanda nao wanakosea. Tangazo likisomwa redioni, au shule zikifungwa, watu huja kwa wingi. Tofauti ni kwamba wingi wa watu una chanzo kinachojulikana, hupanda mchana na jioni, na hupungua polepole kwa siku kadhaa. Mwinuko wa tarehe 12 haukuwa na chanzo, ulikuja watu wamelala, na ulikatika kama uzi.

Hapo ndipo panapotakiwa kutazamwa mahali. Vitabu vya tovuti ya halmashauri yenyewe vilionyesha kuwa katika siku hizo tatu zilisajiliwa ziara 4,610, na kati ya hizo 4,200 zilitoka Ashburn, mji mdogo wa jimbo la Virginia huko Marekani. Ashburn haina sifa ya kuleta watalii Pangani. Sifa yake ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta za kukodishwa, na roboti hukaa humo kwa sababu ndimo zinamopangishwa. Ziara za siku nyingine zilitoka Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Mombasa, kama ilivyotarajiwa. Ile mibofyo 310 iliyolipiwa bila kusajiliwa kuwa ziara nayo haikosi maelezo, kwani roboti duni hubofya na kuondoka kabla kipimo cha tovuti hakijaamka.

Hata hivyo mahali nako kuna mitego, hasa kwa mtu wa pwani hii. Simu ya mtu aliyeketi Pangani yaweza kuandikwa katika taarifa kuwa iko Dar es Salaam, kwa kuwa mtandao wake wa simu hutokea huko. Vilevile simu nyingi za kampuni moja hutumia anwani moja ya IP mbele ya ulimwengu, hivyo anayeifungia anwani hiyo kwa hasira aweza kuwafungia mamia ya wateja wa kweli pamoja na mwizi mmoja. Wala ugeni si kosa. Mtu wa Hamburg aliyesoma ukurasa wa magofu kwa dakika tatu ni mgeni mtarajiwa. Mtu wa Ashburn aliyekaa sekunde sifuri ni kitu kingine.

Hiyo sekunde sifuri ndiyo alama ya tatu. Karibu ziara zote zile 4,200 ziliandikwa muda wa sifuri: ukurasa uliitwa, haukusomwa, haukusogezwa hata mstari mmoja. Watu nao hufanya hivyo, kwani mtandao ukiwa dhaifu msomaji huchoka na kufunga kabla picha hazijafunguka. Lakini watu hufanya hivyo mmoja mmoja na kwa nyakati mbalimbali, si maelfu kwa saa mbili kutoka mji mmoja. Aidha, anayetumia taarifa za kale ajihadhari. Kipimo cha zamani cha Google, kilichoacha kukusanya takwimu za tovuti za kawaida Julai 2023, kilikuwa kikiandika sifuri hata kwa mtu aliyesoma ukurasa mmoja kwa dakika kumi na kuondoka, kwa sababu kilihesabu muda kwa kulinganisha ukurasa wa kwanza na wa pili.

Ni nani anayenufaika? Kwanza ni mwenye tovuti au programu ambamo tangazo liliwekwa, kwani hulipwa sehemu ya kila mbofyo na ndiye aliye na sababu ya kukodi roboti. Wakala huenda hakushiriki, lakini ujira wake hukatwa katika fedha zilizotumika, naye hana haja ya kuchunguza kinachomnenepesha. Huo ndio unyonyaji wa karne hii, na haupungukiwi na mafundi. Katika genge lililofichuliwa mwaka 2016 na kupewa jina la Methbot, kompyuta za kukodi zilijifanya watu wanaotazama matangazo ya video, zikisogeza kipanya na kujificha nyuma ya anwani zaidi ya 650,000 zilizosajiliwa kana kwamba ni za majumbani. Kiongozi wake, Aleksandr Zhukov, alihukumiwa miaka 10 huko New York Novemba 2021, baada ya wizi wa zaidi ya dola milioni 7.

Roboti za namna hiyo hazinaswi kwa Ashburn wala kwa sekunde sifuri. Alama tatu humnasa mwizi mvivu, na kwa bahati wavivu ni wengi. Fundi hunaswa na simu ya ofisi. Katika zile siku 27 halmashauri ya mfano ilipigiwa simu 19 za kuulizia malazi, na katika siku tatu za maelfu ilipigiwa mbili.

Mhasibu basi asipokee jumla. Adai taarifa ya kila siku, kila saa, kila mji, na kila tovuti na programu ambamo tangazo lilitokea, na ufunguo wa kipimo cha tovuti uwe mikononi mwa ofisi, si wa wakala. Katika matangazo ya Google kuna safu iitwayo `Invalid clicks`, inayoonyesha mibofyo ambayo kampuni imeikataa yenyewe bila kuitoza. Wakala aliyeificha safu hiyo aulizwe sababu. Iliyopita kichujio hicho huweza kulalamikiwa kwa kupeleka tarehe, saa na anwani zake, lakini Google huchunguza mibofyo ya siku 60 zilizopita tu. Halmashauri inayongoja mkaguzi wa mwisho wa mwaka wa fedha hufika mlango ukiwa umefungwa.