Mhadhara Uliochelewa na Sehemu ya Kati Inayokunjika

Muda ulio baina ya Magharibi na Isha haurefuki kwa ajili ya mzungumzaji. Kwetu katika mwambao huu ni kama saa moja na dakika kumi, mwaka mzima haubadiliki sana. Ukitoa Swala yenyewe, sunna zake, kisomo cha ufunguzi na matangazo ya kamati, mhadhiri aliyeambiwa ana dakika arubaini mara nyingi hukabidhiwa kipaza sauti zikiwa zimebaki thelathini au pungufu. Sisi tunaoandika ratiba tunalijua hilo, na wahadhiri wanalijua, lakini wengi wao bado huandaa maneno ya dakika arubaini kamili kana kwamba kuchelewa ni jambo la nadra.

Matokeo yake ni mawili. Ama mzungumzaji huharakisha, maneno yakapandana na akina mama walio nyuma ya pazia wakakosa nusu yake. Ama huenda kwa mwendo wake mpaka muadhini asimame, na mwisho wa mhadhara ukakatika. Hili la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa masharti ya hukumu na maelekezo ya kutenda kwa kawaida huwekwa mwishoni.

Chukua mhadhara wa haki zinazofungamana na mali ya marehemu. Kiini chake ni mpangilio wa mambo manne: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, na kinachobaki ndicho cha warithi. Wasia nao una mipaka miwili. Hauzidi theluthi ya mali iliyobaki baada ya madeni, na hausihi kumpa mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie. Tuseme mzungumzaji ameieleza theluthi kwa urefu, na adhana ikamkuta kabla hajafika kwenye mrithi. Msikilizaji atarudi nyumbani akiamini anaweza kumwandikia mwanawe mkubwa theluthi ya nyumba. Huyo alikuwa na nafuu asipohudhuria kabisa.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza katika kuandaa sehemu ya kati ni kutenganisha kisichoachika na kinachoachika, na mstari wa kutenganisha ni huu: hukumu huenda na sharti lake. Vyote viwili huwekwa katika kiini, sentensi moja ikifuata nyingine. Kinachoweza kuachwa ni kisa, mfano wa hesabu, na jibu la swali ambalo huenda asiwepo wa kuliuliza. Makhatibu wameuzoea utaratibu huu katika khutba ya Ijumaa: katika madhehebu ya Shafii zipo nguzo tano zisizoachwa, na yasiyokuwa hayo khatibu hurefusha au hufupisha kadiri ya hali. Mhadhara hauna nguzo za kisheria, basi mzungumzaji hana budi kujiwekea zake.

Tuupange mhadhara wetu. Ufunguzi dakika tano, kiini kumi na nne, hitimisho sita. Jumla ni ishirini na tano, na huo ni mhadhara kamili. Dakika kumi na tano zilizobaki zinagawanywa kwa vipande vitatu vya hiari, vyote vikikaa baada ya kiini na kabla ya hitimisho. Wapo wanaopenda kuchomeka kila kipande ndani ya kiini, pale panapohusika. Husikika vizuri zaidi, lakini humlazimu mzungumzaji kuamua mapema, kabla hajajua muda utakavyokwenda. Mimi naona bora kiini kitimie kwanza.

Kipande cha kwanza, cha dakika sita, ni mfano. Marehemu ameacha shilingi 12,000,000. Mazishi yamegharimu 600,000 na madeni ni 2,400,000, zimebaki 9,000,000. Wasia wake kwa msikiti ni 3,000,000, ambayo ni theluthi barabara. Warithi wanagawana 6,000,000: mke, kwa kuwa wapo watoto, hupata thumni, yaani 750,000; zinazobaki 5,250,000 ni za mtoto wa kiume na wa kike, 3,500,000 na 1,750,000. Kipande cha pili, dakika nne, ni kisa cha Saad bin Abi Waqqas (R.A.), aliyetaka kutoa theluthi mbili za mali yake, kisha nusu, naye Mtume (S.A.W.) akamkatalia mpaka ilipofika theluthi, akamwambia nayo ni nyingi. Cha tatu, dakika tano, ni jibu la swali la kielimu: kwa nini aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa zinataja wasia kabla ya deni, ilhali deni ndilo hutangulia kulipwa.

Kipande kinachofaa kuachwa lazima kisimame peke yake. Mzungumzaji asianze kwa kutangaza "nina mambo saba," maana watu watahesabu. Wala asiseme katika hitimisho "kama tulivyoona katika kisa cha Saad," kwani huenda hawakukiona. Njia rahisi ya kulibaini kosa hili ni kumsomea mtu wa nyumbani ufunguzi, kiini na hitimisho tu, bila vipande. Akiuliza "Saad yupi?", hapo pamevuja, na sentensi hiyo iondolewe. Tena kila kipande kianze na hoja yake, ndipo maelezo yafuate. Umeme ukikatika katikati, hoja imeshafika.

Vipimo hivi vichukuliwe kwa kusoma kwa sauti, umesimama, saa ikiwa mbele yako. Aya ikisomwa kwa Kiarabu kisha ikafasiriwa, huhesabiwa mara mbili. Aya mbili hizo za Suratun-Nisaa ni ndefu, na asiyezipima hushangaa zilivyokula muda wake.

Katika kadi, andika saa ya ukutani, usiandike idadi ya dakika, kwa sababu hakuna awezaye kutoa hesabu huku anazungumza. Tuseme adhana ya Isha ni saa 1:50, na mhadhara uishe saa 1:45. Basi hitimisho lianze saa 1:39, liwe liwalo. Ulipangiwa kuanza saa 1:05 ukapewa kipaza sauti saa 1:14? Kiini kitaisha saa 1:33, una dakika sita: toa mfano wa hesabu, acha vingine. Ukianza saa 1:16, kiini kitaisha saa 1:35. Mfano hautoshi, lakini kisa cha Saad kinatosha. Ukianza saa 1:20, ingia moja kwa moja katika hitimisho, wala usiombe radhi kwa kilichoachwa, kwa kuwa wasikilizaji hawakijui.

Hitimisho lenyewe ndilo tunalolilinda kwa hesabu zote hizi. Hapo ndipo mzee na mama huambiwa waandike usiku huohuo wanachodaiwa na wanachodai, na wamwambie mtu mwaminifu karatasi ilipo.

Utaratibu huu una kikomo. Zikibaki dakika kumi na tano, hakuna kipande cha kupunguza tena, na kiini hakikatwi. Hapo mzungumzaji ataje mambo manne pamoja na mipaka miwili ya wasia, atoe maelekezo ya karatasi, na amwombe mwenyekiti tarehe nyingine kwa yaliyobaki. Kamati nayo, kabla ya kumpa kipaza sauti, imweleze waziwazi saa ya kumaliza, si kumpenyezea kijikaratasi akiwa katikati ya aya.