Eti athibitishe hakuiba?

Wadau, juzi tulipewa swali la sheria ya kazi, na majibu ya wenzangu yamenichefua. Mimi nalisimulia kwa sura ya Lukozi ili lieleweke. Dada ni karani wa stoo ya mboga, ana miaka miwili kazini. Magunia 6 ya viazi hayaonekani. Usiku bosi anampigia simu: "Kesho usije." Wengi wakaandika eti kwa kuwa dada hakuonyesha kwamba hakuiba, ameachishwa kihalali. Jamani! Na hawa ndio walimu wa kesho wa somo la uraia!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeuweka mzigo kwingine kabisa. Dada anatakiwa aonyeshe mambo mawili tu: aliajiriwa, na ameachishwa. Ndiyo maana asifute ujumbe wa mishahara kwenye simu, na awakumbuke waliosikia. Maana bosi mjanja atadai, "Simjui," au "Aliacha mwenyewe." Akishavuka hapo, mwajiri ndiye athibitishe sababu halali na utaratibu wa haki. Vyote viwili.

Sababu siyo "nilimhisi". Alete daftari la kupokelea mzigo, aseme nani mwingine alikuwa na ufunguo, na nani alihesabu magunia. Kipimo siyo kile cha kesi ya jinai. Inatosha ionekane kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa aliiba. Lakini hata hapo, anayethibitisha ni bosi.

Utaratibu nao umo kwenye kanuni za 2007: uchunguzi, tuhuma kwa lugha anayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kikao ambapo anajitetea akiwa na mwenzake wa kazini au mtu wa chama, kisha uamuzi wenye sababu. Simu ya usiku haina hata kimoja.

Sasa nafuu. Anaweza kurudishwa kazini na kulipwa mishahara ya muda aliokaa nje, kuajiriwa upya, au kupewa fidia. Hapa tuwe wakweli: 2004 iliandikwa fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12, lakini mwaka 2021, katika kesi dhidi ya World Vision Tanzania, Mahakama ya Rufani iliikubali fidia ya miezi 3, kwa kuwa sababu ilikuwa halali na kasoro ilikuwa ya utaratibu tu. Kifungu hicho kimeguswa tena na marekebisho ya 2025, kwa hiyo usikokotoe kwa noti za kaka yako.

Tena dada ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kuanzia siku aliyoachishwa. Akichelewa, aombe kuongezewa muda na atoe sababu ya maana. Na angekuwa hajatimiza miezi 6 kazini, kinga hii isingemhusu.

Anayebisha aniambie: kama dada ndiye wa kuthibitisha hakuiba, hilo daftari la bosi lina kazi gani?